Siku nne za Lamu kabla ya wiki tatu za Desemba

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu hapa Malindi. Mwalimu mwenzangu wa shule moja nami tumekubaliana kwenda Tanga, Dar es Salaam na Unguja kwa wiki tatu likizo ya Desemba. Kazini tunaelewana sana, lakini hatujawahi kusafiri pamoja hata siku moja. Dada yangu ananishauri nimjaribu kwanza kwa safari fupi ya Lamu mwezi wa Agosti, bila yeye kujua kwamba namjaribu. Je, safari fupi inaweza kweli kunionyesha kama tutavumiliana wiki tatu? Niipange vipi, na niangalie nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Inaweza kukuonyesha mengi ya yale unayotaka kuyajua, mradi iwe na nafasi za ninyi wawili kuamua mambo pamoja. Shuleni hamwamui sana: kengele ndiyo inayosema mle saa ngapi, ratiba ndiyo inayosema nani aingie darasa gani, na jioni kila mmoja hurudi kwake. Safarini hakuna kengele. Kuanzia mnapofungua macho mpaka mnapolala kuna maamuzi madogo madogo ya kula wapi, kutembea au kupanda boti, kulipa au kuomba kupunguziwa, kupumzika au kuendelea, na watu wawili wenye heshima kubwa kazini wanaweza kuchoshana kabisa katika hayo kabla ya siku tatu kwisha. Ukiinunua safari ya Lamu ikiwa imeshakunjwa na kufungwa, ya kupokewa jetini, kuongozwa siku nzima na kurudishwa, utastarehe vizuri na utarudi bila kumjua mwenzako zaidi ya ulivyomjua.

Kuhusu kumficha, hapo sikubaliani na dada yako. Mtu anayechunguza kwa siri huacha kuishi kama mwenyewe, hukaa akihesabu makosa, na mwisho hupata picha ya mwenzake bila kupata picha ya wawili hao wakiwa pamoja. Isitoshe, na wewe unapimwa. Mwambie wazi, kwa mfano: "Dada, kabla hatujakata tiketi za Desemba, twende Lamu siku chache tuone tunavyosafiri, kila mtu ajue mwenzake analala vipi na anatumia pesa vipi." Jibu lake kwa maneno hayo lenyewe litakufundisha kitu. Akicheka na kuanza kukutajia tabia zake mbaya za safarini, umepata mwanzo mwema. Akikasirika kwamba humwamini, mazungumzo hayo ni bora yafanyike Malindi kuliko mpakani Horohoro mkiwa na mizigo.

Nendeni kwa usiku tatu, si mmoja wala mbili. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na waliijua adabu ya ugeni inavyokwenda. Siku mbili za kwanza karibu kila mtu hujizuia: hukubali asichokitaka, hufunika uchovu wake, huinua mkoba wa mwenzake. Siku ya tatu adabu hiyo hulegea, na mtu huonekana alivyo, pengine akiwa mpole zaidi kwa sababu amekuzoea, pengine akiwa mkali. Ikiwa mna nafasi, ondokeni Jumatatu asubuhi na mrudi Alhamisi. Nitaeleza baadaye kwa nini nimeikwepa Ijumaa.

Siku ya kwanza ni ya barabara, nayo sitaki uihesabu. Basi la kutoka Malindi hupita Gongoni, Garsen na Witu mpaka Mokowe, lami iko, lakini kuna vizuizi vya ukaguzi ambako abiria huweza kushushwa na kuonyesha vitambulisho, na muda wa kufika hutegemea hayo. Kabla ya kukata tiketi, ulizeni ofisini kwa basi hali ya usalama na ya njia, na kama mvua imezidi ulizeni pia habari za mto Tana, kwa sababu mafuriko yameshawahi kuikata barabara hiyo upande wa Garsen. Mkifika Mokowe mtavuka kwa boti hadi mjini. Mtu aliyekaa kwenye basi tangu asubuhi, akiwa na njaa, pengine na kichefuchefu cha boti juu yake, si mtu wa kupimwa. Akinuna jioni hiyo, mpe chai na mlale.

Jambo kubwa la safari hii liweke siku ya tatu, nalo liwe Takwa. Nimeichagua kwa makusudi kuliko Ngome ya Lamu au makumbusho, ambayo mnaweza kuingia wakati wowote wa kazi na kutoka mnapochoka. Takwa ni magofu ya mji wa kale katika kisiwa cha Manda, wenye msikiti na kaburi la mnara, na njia yake ni mlango wa maji unaopenya kwenye mikoko. Boti hufika vizuri maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, mlango hubaki tope, na anayechelewa kutoka huweza kukwama mpaka maji yarudi. Kwa hiyo ratiba yenu haitapangwa na wewe wala na yeye, na kila mmoja atalazimika kuacha kitu anachokipenda, awe ni mwenye kulala hadi jua lipande au mwenye kutaka kila kitu kifanyike alfajiri.

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hujaa karibu saa kumi za alfajiri na saa kumi za alasiri, na kati ya hapo, karibu saa nne za asubuhi, yanakuwa yamepwa. Tuseme mmefika siku chache kabla ya mwezi mpevu na nahodha amewaambia kwamba kesho yatajaa saa nane mchana. Mtaondoka gatini kama saa sita, mtakuwa na muda wa kutosha wa kutembea magofuni bila kukimbizana, na saa tisa mtakuwa mmepanda boti kurudi. Hesabu hiyo ni ya mfano, na siku yenyewe neno la nahodha ndilo la kufuatwa. Sasa unaona kwa nini Ijumaa haifai: saa sita na saa saba za siku hiyo nahodha yuko msikitini, na ninyi pia pengine mtataka kuswali au kuheshimu utulivu wa mji.

Jioni ya siku ya pili ndipo mtakapoafikiana na nahodha, na hapo ndipo penye somo. Msiwe mmepanga chochote tangu Malindi. Nendeni wote wawili gatini, mzungumze bei, muulize kama maji ya kunywa na chakula vimo au havimo, kisha muamue. Tazama nani anaanza kusema, kama anakugeukia kabla ya kukubali bei, kama wewe mwenyewe unamgeukia. Kuna watu ambao hawana neno lolote wakati wa kuamua, "lolote sawa tu", kisha kesho yake wana maneno mengi juu ya uamuzi uliofanywa. Huyo ni mgumu zaidi kusafiri naye kuliko mbishi, kwa maana mbishi unajua anataka nini. Ukisikia neno "nilikuambia" mara ya kwanza, liache lipite. Likirudi tena na tena kila jambo linapoharibika kidogo, basi wiki tatu zitakuwa ndefu. Na usisahau kujisikiliza, maana walimu tuna ugonjwa wa kusahihisha.

Jambo la pili ni pesa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika miaka yangu ya kuwapangia watu safari nimeona urafiki ukichakaa kwa sarafu kuliko kwa noti. Niliwahi kuwapangia safari marafiki wawili ambao waligawana vizuri kabisa gharama kubwa za chumba na nauli. Vile vidogo, chupa ya maji, madafu, nauli ya boti ya kwenda Shela, bahashishi ya mbeba mizigo, vililipwa na mmoja kila siku kwa sababu ndiye aliyekuwa mwepesi wa kutoa mkoba. Yule wa pili hakuwa bahili, alidhani tu kwamba mwenzake anapenda kulipa. Ugomvi ulizuka siku ya mwisho kwa sababu ya chupa moja ya maji, na hakuna kati yao aliyeweza kueleza jumla ya kilichokuwa kimelipwa.

Dawa yake ni mfuko mmoja wa pamoja wenye mipaka inayojulikana. Chumba na basi kila mmoja ajilipie mapema. Leso, zawadi na vocha za simu ni za mtu binafsi. Vilivyobaki, yaani boti, chakula, maji, viingilio na bahashishi, vitoke mfukoni. Nitakupa hesabu ya mfano, si bei za Lamu. Kila mmoja anaweka shilingi 7,000, mfuko una 14,000. Wewe unaushika siku mbili za kwanza na kuandika kila kinachotoka katika daftari dogo, yeye anaushika siku mbili za mwisho. Mkikabidhiana jioni ya siku ya pili, zimetumika 8,500 na zimebaki 5,500. Boti ya Takwa mmeafikiana 3,000. Kwa hiyo mna 2,500 za chakula cha siku zilizobaki, kiingilio na boti ya kurudi Mokowe, na hapo mwenzako anasema angependa leo mkale samaki wa kupaka Shela, sehemu nzuri mbele ya bahari.

Hapo ndipo pazia hufunguka. Njia ziko tatu na zote ni halali: kila mmoja aongeze 1,000 mfukoni, au mle mahamri na mbaazi mjini na samaki abaki kwa siku nyingine, au anayetaka samaki alipe ziada yake mwenyewe bila kinyongo. Usipime kwa njia mliyoichagua. Pima kama kila mmoja aliweza kutamka kiasi kwa mdomo wake, "sina zaidi ya mia tano", bila kuona haya na bila kuaibishwa. Mtu anayekubali kuongeza huku uso umekunjamana, kisha anakula kimya, anakuonyesha jinsi atakavyokuwa Unguja mbele ya kila bei ya mgeni. Tazama daftari pia. Asiyeandika siku zake mbili kwa kuwa "tunaaminiana" huenda ni mwaminifu kabisa, lakini Desemba daftari lishikwe na mwingine.

Chumba chagueni kama mtakavyochagua Desemba. Mkipanga kulala chumba kimoja Unguja, laleni chumba kimoja Lamu, vitanda viwili. Lamu itawasaidia bila kuombwa: mji una misikiti mingi iliyo karibu karibu, na azana ya alfajiri itawaamsha wote wawili, ikifuatiwa na punda wasiojali kwamba mko likizo. Mmoja ataswali na kurudi kulala. Mwingine atawasha taa, ataanza kupanga mkoba na kuchakarisha mifuko ya plastiki, kosa ambalo kwa kipimo changu lina uzito kuliko kukoroma, kwani anayekoroma hajui. Mengine ni feni, dirisha, chandarua na simu inayochezwa kwa sauti usiku. Usiku wa kwanza vumilieni. Usiku wa pili kila mmoja aseme jambo moja linalomsumbua, moja tu, kisha muangalie kama usiku wa tatu limebadilika. Jambo dogo lililosemwa kwa upole likabadilika ni dalili nzuri kuliko usiku tatu ambao hakuna aliyesema neno.

Katika siku ya pili tengeni nusu siku ya kila mtu kuwa peke yake, mkutane saa kumi na moja mahali mnapopajua, uwanja wa mbele ya Ngome kwa mfano. Wiki tatu za kuwa bega kwa bega kila saa hazivumiliki hata kwa ndugu, na ni vizuri kujua mapema kama neno "leo nataka kwenda peke yangu" linasikika kwake kama pumziko au kama kuachwa. Ndani ya mji ni rahisi, vichochoro vyake ni vyembamba na watu watakuelekeza. Kwenda Shela kwa miguu ni kilomita kama tatu kando ya maji, nako pia kunafaa mchana, ingawa maji yakijaa sana utalowa miguu mahali fulani. Ufuo wa Shela ukiisha kuzipita nyumba ni mrefu na mtupu, kwa hiyo upande huo msiende mmoja mmoja. Yule anayekutana nawe saa kumi na moja akiwa na habari za kukusimulia ni mwenza mzuri. Anayekuja nusu saa baadaye, bila simu wala pole, amekwambia jinsi mtakavyokimbizana na meli ya Unguja.

Sasa, kutofautiana kutatokea, na wala usikuogope. Ningeshangaa sana kama mngerudi bila hata mara moja kukwaruzana, na ningeshuku kwamba mmoja wenu alikuwa akimeza kila kitu. Kinachotabiri safari ndefu ni kinachofuata baada ya mkwaruzo: muda unaopita kabla ya mazungumzo kurudi ya kawaida, nani huanza kuyarudisha, na kama huyo huyo ndiye huanza kila mara. Mkikwaruzana asubuhi juu ya boti na kufikia mchana mkawa mnacheka magofuni, hayo ni mambo ya kawaida. Mkwaruzo wa Jumanne ukiwa bado upo kwenye basi la Alhamisi, umepata jibu lako, hata kama mandhari yote yalikuwa mazuri. Kuna jingine la kuangaliwa, nalo ni jinsi anavyosema na watu wengine, kijana wa boti, mhudumu wa chumba, askari wa kizuizini. Akichoka, sauti anayoitumia kwao ndiyo itakayokufikia wewe wiki ya pili.

Yapo ambayo siku nne haziwezi kuyaonyesha. Hazikuonyeshi atakavyokuwa akiugua mbali na kwao, wala uchovu unaojikusanya kidogo kidogo mpaka wiki ya pili, wala hamu ya watoto inayomshika mtu ghafla, wala hali ya kuishiwa na pesa katika nchi ambayo fedha yake si ile uliyoizoea. Hayo msiyatafutie jaribio, yazungumzeni. Muulizane mapema: mmoja akiugua, mwingine atakaa naye au ataendelea? Akitaka kurudi kabla ya siku, ni sawa arudi? Majibu hayo hupatikana kirahisi kwenye boti ya kutoka Takwa, mkiwa mmeshachoka pamoja.

Mkirudi, msihukumu kwenye basi. Kaeni wiki moja, mlale kwenu, mfundishe, kisha mkutane na kila mmoja aje na mambo mawili aliyoyafurahia kwa mwenzake na moja analotaka libadilike kabla ya Desemba. Mara nyingi jibu halitakuwa ndiyo wala hapana, litakuwa ni kurekebisha: vyumba viwili badala ya kimoja, siku kumi badala ya wiki tatu, au muende pamoja hadi Dar es Salaam, kisha yeye abaki kwa jamaa zake na wewe uvuke Unguja, mkutane tena wakati wa kurudi. Likiwa jibu ni hapana, mwambie wewe mwenyewe, ana kwa ana, kabla hamjalipia chochote, na useme la safari peke yake: "Dada, nimeona mimi natembea upesi na wewe unapenda kutulia, Desemba kila mtu aende kwa mwendo wake." Usimtajie orodha ya makosa, wala usiwasimulie walimu wenzenu yaliyotokea Lamu, kwa sababu Januari mtaketi tena chumba kimoja cha walimu.